Hotuba ya dakika moja na nusu kabla ya mbio za nyika

*"Kocha, nafundisha klabu yenye vijana wa shule wa miaka 14 hadi 17. Kila tukienda kwenye mashindano ya mbio za nyika ya kilomita 5 nawakusanya, nawatia moyo kwa dakika kumi hivi, na wanatoka wamewaka kweli. Mita mia tano za kwanza wako mbele, halafu kuanzia kilomita ya pili wanapitwa mmoja baada ya mwingine. Mazoezini hawako hivyo. Je, hotuba yangu ndiyo inawaharibu? Niwaambie nini, lini, na kwa muda gani?"*

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Si kwamba maneno ya kutia moyo ni mabaya, bali yanafanya kazi ambayo tayari imefanywa na bunduki, washindani na watazamaji waliojipanga kando ya kamba. Kijana aliyesimama mstarini na wenzake mia moja hahitaji kuongezewa moto. Moyo wake unadunda kabla hajapiga hata hatua moja. Anachokosa ni jambo la kufanya na moto huo katika dakika ya kwanza, na hotuba ya dakika kumi iliyojaa "leo ni leo" haimpi jambo hilo.

Ili ujue cha kusema, ni lazima kwanza uelewe kinachowapata. Mwanzoni mwa mbio misuli hutumia nishati iliyo tayari ndani yake, na pumzi huchelewa. Mapafu na moyo huchukua kama dakika mbili kufikia kiwango cha hewa ambacho mwendo ule unadai. Katika muda huo kijana anaweza kukimbia kwa kasi kubwa kupita uwezo wake na asihisi chochote kibaya. Anahisi mwepesi, tena anajiona leo yuko vizuri kuliko siku zote. Deni linaanza kudaiwa dakika ya tatu au ya nne. Miguu inakuwa mizito, pumzi zinakatika, mabega yanapanda juu, na hapo hakuna namna ya kupumzika ila kupunguza mwendo. Kwa wengi wa umri huo, dakika ya nne ni kama mwishoni mwa kilomita ya kwanza, na kuanzia hapo kundi linaanza kuwapita. Ndiyo maana huwezi kumwambia kijana "anza kwa mwendo unaousikia vizuri." Dakika ya kwanza kila mwendo anausikia vizuri.

Lakini usikimbilie kosa la upande wa pili, la kuwaambia waanze polepole. Mbio za nyika si mbio za uwanjani. Njia huanza pana, kisha huingia mahali pembamba, na aliyefika pale nyuma ya watu themanini atasimama kwenye foleni huku walio mbele wakienda zao. Suluhisho lipo katika namna nishati inavyotumika. Kasi ya sekunde kumi hadi kumi na tano haigharimu sana, kwa sababu sehemu kubwa yake hutoka kwenye akiba ya misuli iliyo tayari. Gharama kubwa huja pale kasi ileile inapoendelezwa kwa dakika nzima. Kwa hiyo unachowafundisha ni kuanza kwa haraka kwa muda mfupi, kisha kushuka kwa makusudi mahali panapojulikana. Wengi wanaoweza sehemu ya kwanza wanashindwa ya pili, kwa kuwa kushuka huku watu wanakupita kunahitaji uwe umeamua mapema.

Hapo ndipo hotuba inapoingia. Kazi yake ni kukumbusha uamuzi uliofanywa jana. Mipango yote, hesabu zote na maelezo yote ya njia yatoke siku moja kabla, mkiwa mnatembea njia yenyewe. Asubuhi ya mbio hakuna jipya, isipokuwa kama njia imebadilika.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Njia ya kilomita 5 inaanza na uwanja mpana wa mita 300, kisha inaingia kwenye lango jembamba kati ya miti miwili. Baada ya lango kuna mizunguko miwili ya kilomita 2.2, na kila mzunguko una kilima cha mita 150. Mita 300 za mwisho ni nyasi tambarare hadi utepe. Washiriki ni 120. Kikosi chako kina vijana saba, na matokeo ya timu ni jumla ya nafasi za watano wa kwanza, mwenye pointi chache ndiye mshindi. (Soma kanuni za mashindano yenu kabla ya kupanga chochote. Mashindano ya Dunia ya mbio za nyika, kwa mfano, huhesabu wanne kati ya sita.)

Mnapotembea njia jana yake, tafuta mambo machache tu. Kwanza, kitu cha kuonekana kwa urahisi kilicho mita 80 hivi kutoka mstari wa kuanzia, kama bendera, nguzo au kichaka. Kisiwepo chochote, hesabuni hatua na mtafute alama kando ya kamba. Hapo ndipo kasi inapoishia. Pili, lango lenyewe, na upande upi una ardhi ngumu. Tatu, kilima, hasa mahali kinapoishia, kwa sababu vijana wengi hupumzika kileleni mita kumi kabla ya ardhi kuwa tambarare, na hapo ndipo watu hupitwa bila kujua. Waache vijana wenyewe wazitaje alama hizo kwa majina watakayoyakumbuka. Wewe usimame kilimani, wao wakimbie juu mara moja kwa mwendo wa mbio, wavuke kilele kwa hatua ishirini bila kulegea. Mara moja inatosha.

Halafu fanya hesabu ya mwendo kwa kila kijana. Mkimbiaji wako wa tano, tuseme, humaliza kilomita 5 kwa dakika 20, yaani dakika 4 kwa kilomita. Kwa mwendo huo mita 300 za kwanza ni sekunde 72. Kundi likitoka kwa wazimu, atajikuta amefika langoni kwa sekunde 57, ambao ni mwendo wa dakika 3 na sekunde 10 kwa kilomita. Hata mkimbiaji wako bora hana mwendo huo kwa kilomita tano. Mpango mzuri kwake ni mita 80 kwa sekunde 16 hivi, kisha kushuka, afike langoni kati ya sekunde 65 na 68. Amepata nafasi nzuri kidogo kuliko mwendo wake wa kawaida ungempa, na hajalipia. Namba hizi ni zako na za daftari lako. Kijana mwambie alama ya kushukia na dalili ya kujipima, kwamba akifika langoni awe bado anaweza kusema maneno matatu bila kukatika pumzi. Saa mkononi haisaidii sana kwenye matope na msongamano.

Jana hiyohiyo ndiyo siku ya kuzungumzia pointi. Waonyeshe kwa kijiti mchangani ikibidi. Mkimaliza nafasi ya 6, 11, 19, 33 na 58, jumla ni 127. Timu pinzani ikiwa na 118, mmeshindwa. Mkimbiaji wa tano akimaliza wa 48 badala ya 58, jumla ni 117 na kikombe ni chenu. Katikati ya kundi watu wamebanana, na nafasi kumi zinaweza kuwa ni tofauti ya sekunde chache tu. Kwa mkimbiaji wa kwanza, sekunde hizohizo pengine hazibadilishi hata nafasi moja. Wa sita na wa saba nao wana kazi, kwa sababu hata kama hawahesabiwi, kila wanayempita wa timu pinzani wanamwongezea pointi. Somo hili libaki jana. Ukilirudia dakika ishirini kabla ya mbio, mkimbiaji wa tano atasikia jambo moja tu, kwamba timu ikishindwa ni yeye.

Sasa asubuhi yenyewe. Tuseme bunduki ni saa 4:00. Saa 3:10 wanaanza kukimbia polepole pamoja, dakika 12 hadi 15, wakiwa na nguo za joto. Mwenye dawa ya pumu ya kuvuta aitumie kabla ya hapo kama daktari wake alivyoelekeza, na kopo lake libaki kwa mtu atakayesimama karibu na njia. Saa 3:25 ni choo, maana foleni huwa ndefu. Saa 3:30 mazoezi ya kunyoosha viungo kwa mwendo. Saa 3:35 wanavaa njumu, wanafunga kamba fundo mbili na kuingiza ncha ndani, wanakagua namba ya kifuani kama ina pini nne na kama kifaa cha kupimia muda kipo kiatuni. Ukaguzi huu aufanye nahodha, mmoja mmoja, kwa mkono. Makocha wengi huuingiza kwenye hotuba na kupoteza nusu ya muda wakiuliza nani hana pini.

Saa 3:40 ndiyo hotuba yako. Baada yake wanakwenda kwenye mikimbio mifupi minne ya mita 80 kuelekea ileile bendera, wanarudi wakitembea, na saa 3:54 wanavua nguo za joto. Mpangilio huu una sababu. Hotuba ikija mwisho kabisa, vijana watasimama wima wakipoa wakati wanapaswa kuwa na joto, na maneno yako hayatapata nafasi ya kugeuka kuwa vitendo. Ikija kabla ya mikimbio, kila mkimbio unakuwa zoezi la kile ulichosema punde: haraka hadi benderani, mabega chini. Pia mashindano mengi hayaruhusu makocha kwenye eneo la kuanzia dakika za mwisho, kwa hiyo ukiacha maneno hadi saa 3:55 unaweza kujikuta unayapaza kutoka nje ya kamba.

Chagua mahali. Wao wageuzie mgongo jua, upepo na timu nyingine. Wewe ndiye uliyeangalia jua. Wakiwa wanaona washindani nyuma ya bega lako, macho yatakuwa huko. Wakae nusu duara, karibu kiasi kwamba huhitaji kupaza sauti, na wawe na nguo za joto mwilini. Sema kwa sauti unayotumia mazoezini. Sauti ikibadilika, wanajua kuna jambo la kuogopa.

Kwa mfano wetu, hotuba nzima inaweza kuwa hivi:

> Sogeeni. Njia ni ileile ya jana. Kimebadilika kitu kimoja: chini ya kilima kumelowa, piteni kushoto kwenye nyasi.
>
> Bunduki ikilia, haraka hadi benderani. Benderani shusha mabega, toa pumzi. Utaona watu wanakupita. Waache, utakutana nao. Langoni uwe unaweza kusema maneno matatu.
>
> Mzunguko wa kwanza kaa na mwenzako kama tulivyopanga. Kilima cha kwanza hatua fupi, humpiti mtu.
>
> Kilima cha pili ndipo kazi inaanza. Kileleni, hatua ishirini za nguvu. Halafu chagua mgongo ulio mbele yako, upite, chagua mwingine. Hivyo hivyo hadi utepe.
>
> Ukianguka, inuka, hatua kumi za polepole, rudi kwenye mwendo wako. Kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, toka nje ya kamba, kaa, inua mkono. Hakuna wa kukulaumu.
>
> Benderani tunafanya nini? Kilima cha pili? Haya, kimbieni mikimbio yenu minne.

Isome kwa sauti ukiwa na saa. Ukiisema bila kukimbilia na ukaacha nafasi ya majibu yao, ni kama dakika moja na nusu. Ikizidi mbili, kata. Kitu cha kwanza cha kukata ni chochote walichokwisha kukijua na ambacho hawatakitumia wakiwa wanakimbia.

Tazama jinsi ilivyojengwa. Kila agizo limefungwa kwenye mahali, si kwenye hali ya moyo. "Jitahidi" haina mahali, kwa hiyo kijana hajui ajitahidi lini, na kwa kawaida atajitahidi mara tu bunduki ikilia. "Kileleni, hatua ishirini" ina mahali na ina mwisho. Akili iliyochoka ya kijana kwenye kilomita ya nne haiwezi kupanga, ila inaweza kutambua kilele na kuhesabu. Mambo ni matatu tu ya kukumbuka: bendera, lango, kilima cha pili. La nne likiingia, moja litadondoka, na mara nyingi litadondoka la bendera kwa sababu ndilo gumu zaidi kulitii.

Angalia pia kwamba maagizo karibu yote yanasema la kufanya. Ukimwambia kijana "usitoke kasi," umempa picha ya kutoka kasi na hujampa cha kuweka mahali pake. "Shusha mabega, toa pumzi" ni tendo la mwili. Mabega yakishuka, mikono hulegea, na hatua hufupika zenyewe. Sentensi ya "utaona watu wanakupita, waache" nayo usiiache. Bila hiyo, mtu wa kumi anapompita, kijana hudhani mpango umeharibika na kuutupa. Ukishamwambia mapema, kupitwa kunakuwa ishara kwamba mambo yanakwenda kama kocha alivyosema.

Sehemu ya kuanguka na ya kifua kubana, makocha wengi huiacha wakidhani inaleta mkosi au inafungua mlango wa kukata tamaa. Kwa vijana wa shule, mimi ningeiacha sehemu nyingine yoyote kabla ya hiyo. Aliyeanguka bila maelekezo huinuka na kukimbia kwa hasira kurudisha nafasi zote ndani ya mita mia, na hapo anarudi kwenye deni tulilolizungumzia mwanzo. Na kijana aliyeambiwa mara nyingi kwamba wanaume au mashujaa hawaachi mbio anaweza kuendelea na kifua kinachobana hadi aanguke mahali ambapo hakuna anayemwona.

Maswali ya mwisho si mapambo. Ukiuliza "benderani tunafanya nini?" na ukajibiwa na sauti tatu kati ya saba, umejua kwamba wanne hawakusikia. Usirudie hotuba. Wafuate hao wanne wakati wa mikimbio, kila mmoja umuulize peke yake.

Muda huo wa mikimbio ndio pia wa neno la mtu mmoja mmoja, na hapa ndipo ujuzi wako wa vijana wako unahitajika kuliko kwenye hotuba yenyewe. Kijana mwenye wasiwasi utamjua: anakwenda choo mara ya tatu, anafunga na kufungua kamba, anapiga miayo, au anaongea mno. Usimwambie "tulia." Mwili wake hauwezi kutulia kwa amri, na akishindwa anapata wasiwasi wa pili juu ya ule wa kwanza. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha majaribio ambamo watu waliojiambia kwamba wana hamu kubwa walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie, katika kuimba, kuhutubia na hesabu. Hayo hayakuwa majaribio ya wakimbiaji, lakini kanuni inatumika kirahisi: "Moyo kwenda mbio ni mwili unajiweka tayari. Bendera yako iko wapi?" Kisha umwache aende. Kwa aliyepoa, anayetembea kwa kuburuta miguu na kutazama pembeni, usimpe maneno, mpe mkimbio mmoja wa ziada wenye kasi zaidi. Na mkimbiaji wako bora, ambaye huenda ndiye anayefuatwa na macho ya kila mtu, mara nyingi anahitaji uzungumze naye kidogo kuliko wote.

Kuna mambo ambayo hayana nafasi kabisa asubuhi hiyo. Mbinu mpya uliyoiwaza usiku. Majina ya wapinzani na muda wao bora. Wazazi waliosafiri kuja kutazama. Ahadi ya zawadi au kitisho cha adhabu. Uzito wa mwili wa mtu yeyote, ambao haufai hata siku nyingine. Na ulinganisho na mwaka jana, hasa kama mwaka jana mlishindwa, maana nusu ya kikosi cha mwaka huu hata hawakuwepo.

Wakishaingia mstarini kazi yako ya maneno imekwisha, lakini waeleze mapema kitakachotokea huko ili kisiwashtue. Kwenye mashindano makubwa hutolewa tahadhari ya dakika tano, tatu na moja kabla ya kuanza, na timu hupewa kisanduku chake, wakimbiaji wakijipanga mmoja nyuma ya mwingine. Waliotangulia wawe wale wenye kasi, wa tano hadi wa saba nyuma yao. Kuanza kwenyewe ni amri moja ya kukaa mkao, kisha bunduki. Hakuna amri ya katikati kama kwenye mita mia, na mikono haigusi chini. Kijana anayesubiri amri ya pili atabaki amesimama wakati wenzake wameondoka. Nahodha awe na neno moja la kusema pale kisandukuni. "Bendera" linatosha.

Wewe nenda kilimani, si langoni. Langoni kuna msongamano na makelele na hatakusikia mtu, ila mpeleke msaidizi wako hapo na saa na daftari. Kilimani, mzunguko wa kwanza sema "hatua fupi," wa pili sema "ishirini." Maneno yawe yaleyale ya hotuba. Makocha wengi huandaa mpango mzuri, kisha kwenye kamba wanapaza "Ongeza! Ongeza!" kwenye mita ya mia nne na kuufuta. Tena simama mahali pamoja. Kukimbia kando ya mwanariadha wako ukimwongoza mwendo ni msaada usioruhusiwa, na anaweza kuondolewa kwenye matokeo kwa kosa lako.

Utajuaje kama hotuba imefanya kazi? Usitegemee nyuso zao wala jinsi walivyoitikia. Msaidizi wako wa langoni aandike nafasi ya kila kijana na muda wake. Mtu mwingine aandike nafasi kwenye kilele cha pili, na utepeni mtapata nafasi ya mwisho. Ukiona watano wako walipita langoni wa 4, 7, 9, 15 na 21, kisha wakamaliza wa 18, 30, 41, 52 na 74, wamekimbia kwa moto wa mstarini. Ukiona 14, 25, 38, 50 na 71 langoni, kisha 6, 11, 19, 33 na 48 utepeni, bendera ilitiiwa. Kuna sura ya tatu: nafasi zinaboreka hadi kilele cha pili, kisha zinasimama papo hapo. Hiyo si kasoro ya kuanza. Ni kwamba agizo la hatua ishirini halikuingia, au halikufanyiwa zoezi jana, au miguu haina uwezo huo bado na hakuna hotuba itakayouleta. Na kama wanafifia kwenye kilomita ya nne ingawa walifika langoni kwa muda sahihi, tafuta jibu kwenye mazoezi ya wiki zilizopita, si kwenye maneno.

Swali la mwisho ambalo hujaliuliza lakini litakukuta: mbio zikicheleweshwa. Hili hutokea mara nyingi, na kocha aliyekwisha kuhutubia hujaribu kujaza muda kwa hotuba ya pili, ndefu kuliko ya kwanza. Usifanye hivyo. Kuchelewa kwa dakika tano, wabaki na nguo za joto wakitembeatembea. Kwa dakika ishirini au zaidi, wavue njumu, wavae viatu vya kawaida, wanywe funda mbili tatu za maji na wakae kivulini au penye kinga ya upepo. Muda mpya ukitangazwa, dakika 15 kabla wakimbie polepole dakika tano, wavae njumu, wafanye mikimbio miwili kuelekea benderani. Unachosema ni swali lile lile la bendera, wakikujibu waende mstarini.